Kwotesheni imekaa kimya? Piga hodi tatu, si thelathini

Ulipima, ukapiga hesabu, ukaandika bei vizuri na kuituma kwa WhatsApp. Mteja akajibu, "Sawa fundi, nitakuambia." Hiyo ilikuwa Jumanne. Leo ni Jumatatu ya wiki inayofuata na simu haijaita. Sasa unajiuliza: nimpigie ama ningoje? Nikipiga ataniona nina njaa. Nikinyamaza atampa mwingine.

Swali hili tunaulizwa sana na wateja wetu wenye biashara ndogo pale Ruiru na Thika: mafundi wa kuchomelea, waseremala, watu wa tenti na viti, wapishi wa harusi, mafundi wa mabomba. Wote wanajua kazi yao. Kinachowatesa ni zile siku kati ya kutuma bei na kupokea malipo ya kwanza.

Wengi wetu tulifunzwa nyumbani kwamba mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, anarudi zake bila kinyongo, na siku nyingine anaweza kurudi tena. Kufuatilia kwotesheni ni vivyo hivyo. Hodi tatu zinatosha, mradi kila moja iwe na sababu yake. Hebu tuone zinavyopigwa kwa kufuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Bei tutakazotaja ni za mfano, kwa hivyo usishangae zikitofautiana na za hadwea ya kwenu.

Kazi yenyewe: geti la Makongeni

Fundi wetu ana karakana Ruiru. Mteja ni mwalimu anayejenga Makongeni, Thika, kama kilomita 20 hivi kwa barabara kuu ya Thika, ukipitia Juja. Anataka geti la milango miwili, upana futi 12 na urefu futi 8. Fundi ameenda kupima na bei yake imekuja hivi:

Vyuma vyote, yaani shiti 3 za geji 16, tyubu 9 za mraba, bawaba, kufuli, rodi za kuchomelea na diski: 54,000.
Rangi, pamoja na ile ya kuzuia kutu: 4,000.
Usafiri na kusimamisha geti: 6,000.
Ufundi: 22,000.
Jumla: shilingi 86,000.

Kwotesheni ilitumwa Jumanne, tarehe 3 Machi.

Kabla hatujafika kwa hodi ya kwanza, tazama mistari minne ambayo fundi aliandika chini ya ile jumla:

"Bei hii inadumu siku 14, mpaka Jumanne tarehe 17 Machi, kwa sababu bei ya chuma hubadilika.
Malipo ya kwanza ni 58,000 ya vyuma na rangi. Salio la 28,000 hulipwa geti likishasimama.
Kazi huchukua siku 5 za karakana na siku 1 ya kusimamisha.
Utalipa kwa namba ya Till ya karakana. Jina utakaloona kwenye simu wakati wa kulipa ni hilihili lililo juu ya karatasi hii."

Mistari hiyo ndiyo itakayombeba siku za kimya. Ule wa kwanza unampa tarehe. Bila tarehe, kila ukipiga simu unaonekana umepiga kwa sababu wewe unataka pesa. Tarehe ikiwepo, unapiga kwa sababu kuna jambo linafika mwisho na mteja ana haki ya kulijua. Hata kisheria hapa Kenya, bei uliyompa mtu ukaitajia muda huisha muda huo ukipita. Usipotaja muda, inahesabiwa kuwa imebaki wazi kwa "muda unaofaa", na hapo ndipo watu hubishana: mteja anarudi baada ya miezi minne na karatasi mkononi, chuma kimepanda, naye anasema uliahidi.

Mstari wa mwisho una kazi yake pia. Wateja wengi hunyamaza kwa sababu ya woga tu. Karatasi ina jina la karakana, lakini namba ya kulipia ikijaribiwa inatoa jina la mtu wasiyemjua. Hawatakuuliza, maana ni aibu kumwambia mtu "nakushuku". Watakaa kimya. Kama jina la Till yako na jina la karatasi hayafanani, liseme hilo mapema kwenye karatasi yenyewe.

Kwanza jua kimya chako ni cha aina gani

Kabla ya kumlaumu mteja, angalia simu yako. Kwenye WhatsApp, alama moja ya kijivu inamaanisha ujumbe umetoka kwako lakini haujafika kwake. Alama mbili za kijivu, umefika. Zikigeuka buluu, umefunguliwa. Kumbuka watu wengine wamezima hizo za buluu, kwa hivyo kijivu mbili si ushahidi kwamba hajasoma.

Ikiwa ni alama moja kwa siku mbili au tatu, huyo mteja hajakunyamazia. Huenda hana bando, simu imeharibika, ama laini ile haitumii tena. Mtumie SMS ya kawaida. Kuna mafundi wamekasirika wiki nzima juu ya kwotesheni ambayo mteja hajawahi kuiona.

Kama imefika na imesomwa, fikiria anachopitia yeye. Mtu anayejenga mara nyingi huwa ameomba bei kwa mafundi watatu na anangoja wa tatu. Ama anangoja mshahara wa mwisho wa mwezi, ama mkopo wa SACCO ambao bado unatafutiwa wadhamini. Ama bado hajaelewana na mwenzake nyumbani. Pengine bei imemshtua na haoni njia ya kukuambia bila kukuvunja moyo. Katika haya yote, hakuna hata moja linalorekebishwa na ujumbe wa "Mwalimu, uliamua aje?" Hilo ni swali la kumbana, na asiye na jibu hatajibu.

Hodi ya kwanza: imefika?

Fundi wetu alingoja siku mbili. Alhamisi tarehe 5, saa saba na robo mchana, wakati walimu wengi wako kwa chakula, aliandika:

"Habari ya mchana, Mwalimu. Ni fundi wa geti kutoka Ruiru. Nilituma kwotesheni Jumanne. Je, faili ilifunguka vizuri, ama nikuandikie bei hapa kwa ujumbe?"

Salamu, utambulisho, kisha swali moja linaloweza kujibiwa kwa neno moja. Hakuuliza uamuzi, maana siku mbili ni mapema. Aliuliza kuhusu faili, jambo ambalo lingeweza kweli kuwa limeenda vibaya, kwa sababu simu nyingine hazifungui PDF kwa urahisi. Mwalimu akajibu jioni: "Imefunguka, asante fundi."

Angalia pia alichoacha. Hakuanza na "samahani sana kwa kukusumbua". Tunajua ni adabu, na mara moja moja haina neno. Lakini ukiianza kila ujumbe hivyo, wewe mwenyewe unamfundisha mteja kwamba kazi yako ni usumbufu. Salamu nzuri inatosha kuwa adabu.

Wala hakumflashi. Simu inayolia mara moja na kukatika, ama ule ujumbe wa "tafadhali nipigie", kwa mteja unayemdai jibu la shilingi 86,000 unasema kitu kibaya: kwamba huna hata kredo ya kupiga simu. Halafu yeye anajiuliza, huyu nikimpa 58,000 za vyuma, zitafika hadwea kweli?

Hodi ya pili: lete kitu kipya

Siku tano zilipita. Huu ndio wakati mgumu, na hapa ndipo fundi wetu alitaka kuanguka. Jumapili usiku alikuwa ameshaandika ujumbe: "Mwalimu naweza kukupunguzia, nipe 76,000 tumalize." Hakuutuma. Afadhali, na hesabu hii itakuonyesha kwa nini.

Vyuma havipungui, hadwea haijui kama umepunguza. Rangi haipungui, wala mafuta ya gari. Kwa hivyo hizo 10,000 zingetoka kwenye ufundi wa 22,000. Humo ndani kuna msaidizi wa siku 5 kwa 1,000 kila siku, yaani 5,000. Kuna stima na sehemu ya kodi ya karakana, tuseme 5,000 nyingine. Kinachobaki cha fundi mwenyewe ni 12,000. Akitoa 10,000, amefanya kazi wiki nzima kwa 2,000. Na mteja hakuwa ameomba apunguziwe! Alikuwa kimya tu.

Tena kuna hasara ya pili. Bei ikishuka yenyewe bila kuombwa, mteja anajiambia kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya kumlia. Akikaa kimya wiki nyingine pengine itashuka tena. Umemfundisha kwamba kunyamaza kunalipa.

Jumanne tarehe 10 fundi alituma huu:

"Habari za asubuhi, Mwalimu. Nimepanga kazi za mwezi huu, na wiki ya tarehe 23 nina nafasi ya geti lako. Pia nilifikiria: tukitumia shiti za geji 18 badala ya 16, bei inakuwa 82,400. Ni nyepesi kidogo lakini fremu inabaki ileile. Ungependa nikuandikie hiyo pia, ama tubaki na ya kwanza?"

Ujumbe huu una vitu viwili vipya ambavyo mteja hakuwa navyo Jumanne iliyopita: wiki ambayo kazi inaweza kufanyika, na njia ya kushusha bei. Ukiangalia vizuri, bei imeshuka kwa sababu chuma kimebadilika. Shiti 3, kila moja ikiwa na tofauti ya 1,200, ni 3,600. Ufundi umebaki 22,000 palepale. Mteja ambaye bei ilimshtua amepewa mlango wa kutokea bila kusema "sina pesa". Na ambaye hakushtuka atachagua ile nzito.

Je, huna kitu kipya cha kusema? Basi usitume. Tafuta kwanza. Inaweza kuwa picha ya geti kama hilo ulilosimamisha wiki hii, kwa ruhusa ya mwenyewe. Inaweza kuwa swali la kazi: nguzo za saruji zimeshakauka? Mlango wa miguu uwe upande wa kulia au kushoto? Maswali kama hayo yanamsogeza mteja kwenye kazi yenyewe, na akijibu utajua bado yupo.

Onyo moja hapa: kitu kipya kiwe cha kweli. Ule uongo wa "chuma kinapanda kesho, lipa leo" una maisha mafupi sana katika mji kama Thika. Mwalimu akishuka mjini Jumamosi ataingia hadwea moja, atauliza bei ya tyubu, na hapo jina lako limeisha.

Kwa ujumbe huu wa pili mwalimu hakujibu. Alama zikawa buluu, kimya.

Hodi ya tatu: simu moja, kabla ya tarehe

Jumatatu tarehe 16, siku moja kabla ya bei kuisha, fundi alipiga simu. Sababu ya simu safari hii ni kwamba ujumbe umesomwa mara moja bila jibu, na kuna tarehe kesho. Alipiga mchana, akiwa mahali pasipo na kelele za grinda, na alikuwa ameshajua atasema nini:

"Habari yako, Mwalimu. Ni fundi wa geti wa Ruiru. Una dakika moja? Sawa. Nimepiga kukukumbusha tu kwamba ile bei ya 86,000 inaisha kesho. Kama bado unapanga, hakuna shida, nitakuandikia nyingine ukiwa tayari. Nilitaka ujue mapema, ili nafasi ya wiki ya tarehe 23 nijue kama naishikilia ama naiachilia."

Mwalimu akasema, "Eh fundi, kuna mambo tunamalizia hapa nyumbani. Nitakuambia."

Hapo wengi huuliza, "Lini haswa?" na kuanza kusukuma. Yeye alisema, "Sawa Mwalimu, asante kwa kunijulisha. Kesho ikipita nitaachilia hiyo wiki, halafu ukiwa tayari unaniambia." Simu ikaisha. Ilichukua chini ya dakika mbili.

Kama asingeshika simu, angepiga mara moja tu na kutuma maneno hayohayo kwa ujumbe. Simu sita ambazo hazikujibiwa katika saa moja huwa zinamtisha mtu. Anadhani kuna msiba.

Baada ya tarehe: rudi nyumbani

Jumatano tarehe 18 fundi aliandika mara ya mwisho:

"Habari Mwalimu. Bei ya geti iliisha jana, kwa hivyo nimeachilia ile wiki. Vipimo vyako ninavyo kwenye daftari, hakuna haja ya kupima tena. Ukiwa tayari niandikie tu neno GETI, nitakupa bei ya siku hiyo. Nakutakia ujenzi mwema."

Huu ndio ujumbe watu huuogopa kuliko wote, kwa sababu unaonekana kama kukata tamaa. Kwa kweli unamwondolea mteja deni la kujibu. Mtu aliyekaa kimya wiki mbili huona haya, na haya ndiyo humzuia kurudi hata pesa ikipatikana. Ni rahisi kwake kwenda kwa fundi mpya kuliko kuanza kujieleza kwako. Ukimwambia hakuna deni, na kurudi ni neno moja tu, umemfungulia mlango.

Nawe umejifungulia wako. Wiki ile ya tarehe 23 kulikuwa na mtu wa Juja aliyetaka grili za madirisha. Kama fundi angeendelea kumshikilia mwalimu nafasi moyoni, huyo wa Juja angeenda kwingine na wiki ingepita bure. Hapo ndipo hasara kubwa ya kwotesheni iliyonyamaza hutokea: kazi nyingine ulizozikataa kwa ajili ya jibu ambalo halikuja.

Usitume ombi la malipo kama njia ya kukumbusha

Hili linatuhusu sisi moja kwa moja, na tumeliona mara nyingi. Mtu ana Till au mfumo unaoweza kutuma ombi la malipo likajitokeza kwenye simu ya mteja likimtaka aweke PIN. Mteja akinyamaza, anamtumia ombi la malipo ya kwanza, akisema moyoni, "Akiliona atakumbuka."

Usifanye hivyo. Sisi wenyewe huwaambia wateja kila siku: ombi la PIN usilolitarajia, likatae. Kwa hivyo likifika ghafla mtu akiwa darasani au kwenye matatu, jina lako litakaa kwenye kichwa chake pamoja na matapeli. Ombi la malipo lije baada ya mteja kusema "ndiyo, tuanze", na baada ya wewe kumwambia, "Nakutumia ombi la 58,000 sasa hivi, utaona jina la karakana."

Mwisho wa geti la Makongeni

Jumatatu tarehe 30 Machi, saa mbili asubuhi, ujumbe uliingia: "GETI. Pole fundi, mkopo ulichelewa. Ile geji 16."

Fundi hakukimbilia kusema bei ileile ili asimpoteze. Alipiga hadwea kwanza. Tyubu zilikuwa zimepanda 200 kila moja, na tyubu ni 9, kwa hivyo ni 1,800. Akaandika: "Karibu tena Mwalimu. Tyubu zimepanda 200 kila moja, kwa hivyo jumla leo ni 87,800. Malipo ya kwanza 59,800, salio ni lilelile 28,000. Bei hii inadumu mpaka tarehe 13 Aprili. Naweza kuanza Jumatatu ijayo."

Mwalimu alilipa siku hiyohiyo. Hakubishana, maana alionyeshwa ni nini kilichopanda na kwa kiasi gani, na alikuwa ameambiwa mapema kwamba ingeweza kutokea. Fundi naye hakununua hata rodi moja mpaka alipopata SMS ya malipo kwenye simu yake mwenyewe na kuangalia salio la Till. Picha ya ujumbe wa malipo inayotumwa na mteja haitoshi, hata kama mteja ni mtu mzuri.

Tusidanganyane, hadithi hii ingeweza kwisha vingine. Mwalimu angeweza kuandika, "Nilipata fundi mwingine." Jibu la hapo ni fupi: "Asante kwa kuniambia, Mwalimu. Kama si siri, ilikuwa bei ama muda?" Ukiuliza mara moja, wengi watakuambia, na jibu hilo litakufaa kwa kwotesheni ijayo. Ukimwonyesha hasira, hatakuambia wala hatakutaja kwa jirani yake anayejenga ploti ya pili.

Sehemu moja ambapo hodi hazipigwi hivi

Ikiwa uliyemtumia bei ni shule ya umma, hospitali ya umma au ofisi ya kaunti, njia ni tofauti. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inamkataza aliyeomba kazi kuwasiliana, bila kuulizwa, na wanaotathmini kwa namna inayoweza kuonekana kama kuwashawishi. Simu ya "mkubwa, nikumbuke" inaweza kukutoa kabisa. Huko, soma tarehe ya mwisho ya bei kwenye karatasi uliyojaza, iache ifike, kisha uulize matokeo kwa maandishi kupitia ofisi ya ununuzi, si kwa simu ya mtu binafsi.

Daftari lako la leo

Chukua ukurasa mmoja na uchore safu tano: jina la mteja, kazi na bei, tarehe uliyotuma, tarehe bei inapoisha, na hodi umepiga ngapi. Kwotesheni zote ambazo hazijajibiwa ziingie hapo. Zile ambazo hukuziwekea tarehe ya mwisho, una kitu kipya cha kumwambia mteja kesho: "Ile bei niliyokupa nitaweza kuishikilia mpaka tarehe fulani." Chagua tarehe ambayo utaiheshimu wewe mwenyewe.

Na zile ambazo safu ya mwisho tayari inasoma 3, andika ule ujumbe wa kwaheri njema leo. Kisha geuza ukurasa. Kuna mtu wa Juja anangoja umpigie bei ya madirisha.